Mbuni Usiozaa Buni

Mkulima wa Muleba mwenye kibanja chake cha migomba na mibuni anaijua tofauti ambayo wanasheria wa kodi walihangaika nayo miaka mingi. Akichuma buni, akazianika na kuzipeleka AMCOS zikiwa kahawa ya maganda, fedha anayopokea ni pato la mwaka huo, na msimu ujao mibuni itazaa tena. Akiuza kipande cha kibanja chenyewe, hakuuza mavuno. Ameuza kile kilichokuwa kikimzalia, na ndugu zake watamuuliza maswali ambayo hawakumuuliza alipouza magunia. Sheria za kodi karibu duniani kote zimejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo: tunda ni pato, mti ni mtaji. Pato hutozwa kodi kila mwaka kwa viwango vya kawaida, na mtaji hutozwa siku unapouzwa, mara nyingi kwa kiwango chepesi, na hutozwa kile tu kilichozidi gharama ya kuupata. Basi mtu wa Kata ya Nyanga, Manispaa ya Bukoba, akinunua bitkoini kwa simu yake leo na kuiuza baadaye kwa bei ya juu, alichopata ni tunda au ni mti?

Ugumu unaanzia kwenye umbile la kitu chenyewe. Bitkoini ni mbuni usiozaa buni. Haina gawio kama hisa, haina riba kama hati fungani, haina kodi ya pango kama nyumba ya Kashai. Ukiikalia miaka kumi, mwisho wa mwaka wa kumi unayo ile ile, wala haikuongezeka hata chembe. Njia ya kawaida ya kuchuma kutokana nayo ni kuiuza, au kuibadilisha na kitu kingine. Kwa hiyo kipimo cha mti na tunda, ambacho kwa kahawa kinafanya kazi bila taabu, hapa kinanyamaza. Ukiitazama sarafu peke yake huwezi kusema kama faida iliyotoka ni pato au ni mtaji. Hoja ya sura hii ni kwamba jibu halimo ndani ya sarafu, limo katika mwenendo wa mtu aliyeishika. Na kwamba Tanzania, ilipotunga kodi yake ya mali za kidijitali mwaka 2024, iliruka swali hilo, ikaishia kumbebesha mzigo mzito yule asiyeuweza na kumpa mwepesi yule anayeuweza.

Swali lenyewe si geni. Mahakama za Uingereza zililikuta muda mrefu kabla ya kompyuta, na kwa kuwa sheria za kodi za Afrika Mashariki zilirithi mengi kutoka huko, kesi mbili zinastahili kukumbukwa. Ya kwanza, Rutledge, iliamuliwa mwaka 1929. Mfanyabiashara wa jina hilo alikuwa Berlin kwa shughuli nyingine kabisa, akakutana na nafasi ya kununua roli milioni moja za karatasi za chooni kwa bei ya kutupa, akazinunua, akaziuza zote kwa mnunuzi mmoja na kupata faida nono. Hakuwahi kufanya biashara hiyo kabla, wala hakuirudia. Mahakama ilisema ni biashara tu, kwa sababu hakuna mtu anayenunua roli milioni moja kwa matumizi ya nyumbani, wala hazimzalii chochote zikiwa ghalani. Ya pili ilimhusu mchekeshaji maarufu, Norman Wisdom, aliyenunua vipande vya fedha, yaani yale madini, akihofia pauni ingeshuka thamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba faida yake nayo ni ya biashara. Alinunua kitu kisichozaa, kwa muda mfupi, akitazamia kukiuza. Badala ya vipande vya fedha weka bitkoini, na badala ya hofu ya pauni weka hofu ya shilingi, utaona kesi hiyo inasogea karibu sana na vijana wa leo.

Kutokana na kesi za namna hiyo vilipatikana vigezo ambavyo mamlaka za kodi bado zinavitumia: mtu ananunua na kuuza mara ngapi, anakaa na mali muda gani, amekopa ili anunue au ametumia akiba, amejipanga kama mfanyabiashara au hapana, na alikuwa na nia gani siku aliyonunua. Hakuna kigezo kimoja kinachoamua peke yake; huwekwa pamoja na kupimwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini ilitamka kwamba haitaziundia sarafu za mtandao kodi ya pekee, bali faida yake itapimwa kwa kanuni za kawaida, iwe pato au iwe mtaji kulingana na mazingira ya mtu. Marekani ilikuwa imeshatangulia mwaka 2014 kwa kusema kwamba sarafu hizo, kwa madhumuni ya kodi, ni mali na si fedha. Ujerumani iliweka mstari wa kalenda: mtu binafsi aliyekaa na sarafu yake zaidi ya mwaka mmoja hatozwi kodi ya faida akiiuza, aliyeuza kabla ya mwaka anatozwa. Mstari huo una ukali wake, maana anayeuza siku moja kabla analipa na mwenzake aliyesubiri hadi kesho yake halipi, lakini angalau unatambua kwamba kukaa na kitu na kukizungusha ni matendo mawili.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, Sura ya 332, iliyotungwa mwaka 2004, imebeba tofauti hii waziwazi. Inagawa mapato katika mafungu matatu: ajira, biashara na uwekezaji. Neno biashara limepewa tafsiri pana, hata mpango wa mara moja tu wenye sura ya kibiashara umo ndani yake. Watu wa Kagera wanaweza kuielewa tafsiri hiyo kwa kufikiria butura. Mwenye fedha anamfuata mkulima aliyebanwa na ada ya shule, anamlipa kahawa ikiwa bado mbichi juu ya mti, pengine ikiwa maua tu, kisha anasubiri msimu na kuchukua mzigo kwa sehemu ndogo ya bei yake. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita butura kwa miaka mingi. Lakini kwa jicho la kodi, mnunuzi wa butura ni mfanyabiashara hata kama amefanya hivyo msimu mmoja tu. Hajalima, hana shamba, alinunua kitu ili kipande bei mikononi mwake. Anayenunua sarafu asubuhi ili aiuze jioni anafanya jambo la ukoo huo huo, ingawa hamnyonyi mkulima.

Upande wa uwekezaji ndiko pengo lilikokuwa. Tafsiri ya mwaka 2004 ya rasilimali za uwekezaji ilitaja hisa na dhamana za kampuni, maslahi katika amana ya nje ya nchi, na maslahi katika ardhi na majengo. Ilikuwa orodha fupi, iliyoandikwa wakati bitkoini haijazaliwa. Sarafu hiyo ilianza kutembea Januari 2009. Kwa hiyo mfanyabiashara wa sarafu angeweza kushikwa na fungu la biashara bila kubadili hata nukta ya sheria, lakini mtu aliyenunua mara moja na kukaa kimya hakuwa na pa kuwekwa kirahisi. Sarafu yake si hisa, si ardhi, si jengo. Hapo ndipo Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilipoingia. Kuanzia Julai 1 mwaka huo, mwenye jukwaa au mtu anayewezesha kubadilishana au kuhamisha mali ya kidijitali alitakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 3 ya malipo anayomfanyia muuzaji. Tafsiri ya mali ya kidijitali iliandikwa kwa upana, sarafu za mtandao zikiwemo pamoja na tokeni za aina aina. Pengo likazibwa, lakini lilizibwa kwa bamba lililofunika na mlango, kwa sababu asilimia 3 hiyo haikatwi kwenye faida. Inakatwa kwenye malipo yote.

Ili kuona maana yake, tuwatengeneze watu wawili wa mfano, na bei tutakazotumia ziwe za mfano pia. Wa kwanza ni mwalimu wa Muleba. Amenunua bitkoini ya shilingi 2,000,000 kutoka kwenye akiba yake, ameiacha kwenye pochi ya simu miaka mitatu, kisha ameiuza yote kwa mkupuo kwa shilingi 5,000,000. Ada za kununua, kuhamisha na kuuza zimemgharimu 60,000. Faida yake ni 2,940,000. Kwa vigezo vyote tulivyovitaja, huyu ni mwekezaji: muamala mmoja wa kununua, mmoja wa kuuza, fedha yake mwenyewe, muda mrefu. Akiuzia kwenye jukwaa linalokata zuio, atakatwa asilimia 3 ya 5,000,000, yaani 150,000. Ukilinganisha na faida yake, hiyo ni kama asilimia 5 tu. Angekuwa ameuza kiwanja na kupata faida hiyo hiyo, kiwango cha kawaida cha mkaazi ni asilimia 10 ya faida, ambayo ni 294,000. Mwalimu wetu ametoka salama.

Wa pili ni kijana wa mjini Bukoba anayeuza na kununua USDT, ile sarafu iliyofungwa na thamani ya dola, kwenye soko la P2P, ambako watu wenyewe kwa wenyewe hukutana ndani ya aplikesheni. Anaweka tangazo, mnunuzi analijibu, jukwaa linazishikilia USDT mpaka shilingi ziingie kwenye simu ya kijana, kisha anabonyeza kuthibitisha na mzigo unaachiwa. Ananunua kwa 2,600 na kuuza kwa 2,640. Kwa siku anazungusha USDT 1,000, kwa hiyo mauzo ya siku ni 2,640,000 na tofauti inayobaki ni 40,000. Makato ya mitandao ya simu na bando vinakula 15,000. Kwa siku 300 za kazi katika mwaka, mauzo yanafika 792,000,000, tofauti inafika 12,000,000, gharama zinafika 4,500,000, na faida halisi inabaki 7,500,000. Hakuna atakayebisha kwamba huyu anafanya biashara. Kama hana pato jingine na akitozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, sehemu ya kwanza ya 3,240,000 haina kodi, 3,000,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na 1,260,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 20. Jumla ni 240,000 na 252,000, yaani 492,000 kwa mwaka. Ni kodi inayolipika.

Sasa mpitishe kijana huyo huyo kwenye asilimia 3 ya malipo. Kila siku angekatwa 79,200, wakati tofauti yake yote ya siku, kabla hajanunua hata bando, ni 40,000. Kwa mwaka angekatwa 23,760,000 ili apate 12,000,000. Hakuna hila ya uhasibu inayoweza kuiokoa biashara ya namna hiyo. Mfumo wenyewe unamtaka alipe karibu mara mbili ya alichochuma kabla ya gharama. Hata kama sehemu ya makato hayo ingekuja kuhesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka, mtaji ungekuwa umekwisha kabla ya mwaka kuisha. Mwalimu aliyepata karibu milioni 3 kwa kukaa tu amekatwa 150,000, na kijana anayeamka alfajiri kujibu matangazo anafungiwa mlango. Linganisha pia na wakala wa fedha za simu aliyekaa kibanda cha jirani, ambaye kwa siku anaweza kuzungusha kiasi kile kile cha fedha. Wakala anatozwa kodi kwenye kamisheni yake, wala hatozwi kwenye kila noti inayopita mikononi mwake. Tofauti ya kisheria ni kwamba wakala anatenda kwa niaba ya kampuni ya simu, na kijana ananunua bidhaa na kuiuza kama yake. Tofauti ya kiuchumi sioni.

Wako watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba serikali haikuwa na njia nyingine. Faida ya sarafu za mtandao haina stakabadhi ya kawaida, bei inabadilika kila dakika, na ofisa wa kodi hawezi kukaa na kila muuzaji kupitia miamala elfu tatu. Asilimia 3 ya malipo ni rahisi kukokotoa na rahisi kukusanya. Tena si jambo la ajabu katika sheria zetu: mwaka 2023 mabadiliko ya sheria yaliruhusu muuzaji wa ardhi asiye na kumbukumbu za gharama zake alipe asilimia 3 ya thamani badala ya asilimia 10 ya faida. Nakubali kwamba wepesi wa kukusanya ni sifa ya kodi njema. Lakini mfano wa ardhi unathibitisha kinyume cha kile unachotajiwa. Kwa mwenye ardhi, asilimia 3 ni kimbilio la asiye na kumbukumbu, na aliye nazo bado anapimwa kwa faida yake. Halafu mtu hauzi kiwanja kile kile mara 300 kwa mwaka. Kodi ya malipo ghafi haina kishindo kwa mali inayouzwa mara moja katika maisha. Kwa mali inayouzwa na kununuliwa kila saa, kila mzunguko unang'oa kipande cha mtaji. Urahisi huo, kwa hiyo, ni wa mkusanyaji peke yake, nao unadumu mpaka walipaji wahame.

Na kuhama ni rahisi mno. Kodi ya zuio inahitaji mtu wa kati anayeshika malipo na aliye mahali ambapo mamlaka inaweza kumfikia. Kwenye P2P shilingi haipiti mikononi mwa jukwaa hata kidogo. Inatoka kwenye simu ya mnunuzi na kuingia kwenye simu ya muuzaji, na jukwaa, ambalo mara nyingi liko ng'ambo, linashikilia sarafu tu mpaka pande zote mbili ziridhike. Nani basi akate asilimia 3, na akate kutoka wapi? Matokeo yake ni kwamba kodi iliyolenga soko zima inawapata wale wachache wanaopita kwenye majukwaa yaliyojisajili na kutii, na majukwaa yanayotii yanakuwa ghali kuliko yasiyotii. Ni hadithi ile ile ya kahawa inayovushwa kwa magendo kwenda Uganda bei ya huku inapobanwa. Mzigo hufuata njia yenye makato madogo, hata kama ni ya usiku.

Kenya ililijaribu jambo hili mapema na kwa ukubwa. Sheria yake ya Fedha ya 2023 ilianzisha kodi ya mali za kidijitali ya asilimia 3 kuanzia Septemba 1 mwaka huo, nayo ilikuwa juu ya thamani ghafi ya uhamisho, si juu ya faida. Malalamiko yalikuwa haya haya tuliyoyakokotoa hapo juu kwa kijana wa Bukoba. Mwaka 2025 Bunge la Kenya liliifuta, na kuanzia Julai 1, 2025 badala yake likaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma za mali hizo. Mzigo ukahama kutoka kwenye mzunguko wa fedha ya mteja kwenda kwenye ujira wa jukwaa. Kwa maoni yangu hilo halijajibu swali la pato na mtaji, kwa sababu ushuru wa ada hauulizi kama umepata au umepoteza. Lakini umeacha kuadhibu mzunguko, na hiyo ni hatua.

Pingamizi jingine husikika zaidi vijiweni kuliko kwenye semina za wahasibu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu za mtandao si fedha halali nchini. Basi, watu huuliza, serikali inatozaje kodi kitu isichokitambua? Swali linachanganya mambo mawili. Kutokuwa fedha halali maana yake ni kwamba hakuna mtu anayelazimika kuipokea kama malipo. Hata kahawa ya maganda si fedha halali, na faida yake hutozwa. Zaidi ya hapo, sheria ya mapato kwa kawaida haiulizi kama shughuli ilibarikiwa, inauliza kama mtu amechuma. Al Capone hakufungwa mwaka 1931 kwa kuuza pombe iliyopigwa marufuku, alifungwa kwa kutolipa kodi ya fedha aliyoipata. Tena ukiitazama vizuri, taarifa ya Benki Kuu inaimarisha hoja ya kodi. Ikiwa sarafu hizi si fedha, basi ni mali, na mali ikiuzwa kwa bei iliyozidi gharama kuna faida. Ingekuwa ni fedha, tungeingia kwenye kanuni za faida na hasara za kubadilisha fedha za kigeni, ambazo ni msitu mwingine.

Kosa linalowagharimu wengi bila wao kujua ni kuamini kwamba kodi inaanza siku sarafu inapogeuka kuwa shilingi. Mtu ana bitkoini iliyopanda, anaibadilisha kuwa USDT ili asubiri bei itulie, na anajiambia kwamba hajauza kwa kuwa hakuna hata senti iliyoingia kwenye simu. Sheria ya Tanzania haisemi kuuza peke yake. Mali huhesabiwa kuwa imetoka mikononi mwako pale inapouzwa, inapobadilishwa, inapohamishiwa mtu mwingine, na hata inapopotea au kuharibika. Kubadilisha ng'ombe kwa mabati ni kumtoa ng'ombe, na thamani ya mabati siku ile ndiyo bei uliyomuuzia. Marekani na Uingereza nazo zinakwenda hivyo hivyo. Hatari yake inaonekana bei zinapoanguka. Bitkoini ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Aliyeibadilisha ikiwa juu kwa sarafu nyingine iliyoanguka pamoja nayo alikuwa amepata faida inayotozwa kodi katika mwaka wa kwanza, na hana kitu cha kuilipia katika mwaka wa pili.

Hapo ndipo fungu ulilomo linapogeuka kuwa jambo la mfukoni. Hasara ya biashara inaweza kubebwa mbele na kupunguza faida ya biashara au ya uwekezaji ya miaka ijayo. Hasara ya uwekezaji haivuki. Inapunguza mapato ya uwekezaji peke yake. Ndiyo maana, kila mahali sarafu hizi zinapotozwa kodi, utakuta watu wale wale wakijieleza kuwa wawekezaji wapole miaka ya neema na wafanyabiashara hodari miaka ya njaa. Maofisa wa kodi wanaujua mchezo huo, nao hawasikilizi maneno, wanaangalia mwenendo wa miamala: kama mwaka wa faida ulikuwa na miamala 900 na mwaka wa hasara 850, mtu hakubadilika.

Yote haya yanarudi kwenye kumbukumbu, na hapa tumtazame tena kijana wetu kwa karibu. Asubuhi ana USDT 500 alizonunua kwa 2,580. Mchana ananunua 500 nyingine kwa 2,620. Jioni anauza 600 kwa 2,640. Ameuza zipi? Sarafu hazina alama, kama vile debe la maharage lililomiminwa juu ya jingine. Sheria inamruhusu mfanyabiashara ambaye bidhaa zake hazitofautishiki kuhesabu kwamba zilizoingia kwanza ndizo zilizotoka kwanza, au kutumia wastani. Kwa njia ya kwanza, gharama ya hizo 600 ni 1,290,000 za mzigo wa asubuhi na 262,000 za 100 kutoka mzigo wa mchana, jumla 1,552,000. Mauzo ni 1,584,000, na faida ni 32,000. Kwa wastani, kila USDT imemgharimu 2,600, gharama ya 600 ni 1,560,000, na faida ni 24,000. Majibu yote mawili ni halali. Lisilo halali ni kuruka kutoka njia moja kwenda nyingine kila siku kutegemea ipi inapendeza.

Anachohitaji kukihifadhi ni tarehe, kiasi, bei kwa shilingi, ada, na namba ya muamala ya upande wa simu inayolingana na namba ya oda ya upande wa jukwaa. Namba hizo mbili zikikosa kuoana, fedha iliyoingia kwenye simu inaonekana kama pato zima badala ya mauzo yenye gharama nyuma yake, na mzigo wa kuthibitisha kwamba sivyo ni wa mlipakodi. Kumbukumbu hizo zinapaswa kukaa miaka 5. Meseji za simu hazikai muda huo. Simu inaibwa, laini inabadilishwa, kumbukumbu inajaa na meseji za zamani zinafutwa. Majukwaa huruhusu kupakua historia ya miamala, lakini mengi huweka ukomo wa kipindi unachoweza kupakua kwa mara moja, kwa hiyo anayesubiri miaka mitatu ndipo apakue anaweza kukuta akaunti imefungwa au mwanzo wa historia umekatika. Kwa mtu binafsi mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba, makadirio yanapelekwa TRA ifikapo Machi 31, na ritani ya mwisho ya mwaka uliopita Juni 30. Kijana aliyepakua historia yake kila mwisho wa mwezi atafika huko na faili 12 na daftari moja, na hesabu ya 492,000 ataweza kuionyesha mstari kwa mstari. Ambaye hakupakua atafika na taarifa ya simu inayosema kwamba mwaka jana aliingiziwa shilingi 792,000,000.